Sinia la Sikudhani

Sikudhani Mnyambi alitoka Mungaa, mtoto wa kwanza kati ya sita, na nadhani ndiye mtu wa kwanza katika ukoo wao aliyewahi kuchomwa na asidi. Ilimrukia kidogo kwenye kifundo cha mkono akiwa kidato cha tano. Alinawa maji ya bomba kimya kimya, kisha akaja kuniuliza kwa nini alama iliyobaki ni ya njano. Mimi ni mtunza maabara, kwa miaka kumi na minne nimeona watoto wakiungua, na wengi wao hulia. Huyu alileta swali. Tangu siku hiyo nikampenda, na sioni sababu ya kulificha hilo sasa.

Shule yetu iko nje ya mji wa Singida, bweni moja la wasichana, mawili ya wavulana, na maabara yenye madirisha manne ambayo mawili hayafungiki. Mwalimu wa fizikia alikuwa mmoja tu, Mwalimu Chediel Msengi. Alikulia Sekenke, kwenye mashimo ya dhahabu, na baba yake alichimba maisha yake yote bila kupata cha kujengea hata banda la kuku. Mwalimu alikuwa akisema kwamba baba yake aliiona dhahabu kila siku kwa macho, kwenye kila jiwe, na kila siku macho yakamdanganya. Yeye akaapa kuamini kilichoandikwa na kuthibitishwa. Alikuwa na daftari lake la chuo kikuu, limeshonwa upya mgongoni kwa uzi wa viatu, na swali lolote lililomshinda alilitafuta humo. Kama halimo, basi swali lenyewe halikuwa la maana.

Nisimsingizie. Alikuwa mwalimu mzuri kuliko wote tuliowahi kuwa nao. Alifundisha mpaka Jumamosi, na hakuwahi kumpiga mtoto kwa kukosa jibu. Kasoro yake ilikuwa hiyo moja, kwamba daftari lilikuwa na neno la mwisho.

Mwaka ambao Sikudhani aliingia kidato cha sita, yalitangazwa mashindano ya sayansi kwa shule za kanda. Kila shule ipeleke kazi moja. Mshindi angesomeshwa chuo kikuu mpaka mwisho, masomo ya sayansi. Baba yake Sikudhani alikuwa amekwisha kusema, na mzee yule akisema hasemi mara mbili: akipata mtu wa kumsomesha aende, asipopata arudi nyumbani kwenye mashine ya kukamua alizeti, maana wadogo zake nao wanataka kusoma. Kwa hiyo sisi sote tulijua. Mashindano yale yalikuwa ndiyo mlango wake, na hapakuwa na mlango wa uani.

Kazi yake aliiokota jikoni. Wanafunzi wa zamu wakishaosha masinia ya chakula huyarusha kutoka kwenye karo kwenda kwa mwenzao anayeyapanga, ingawa mpishi huwafokea kila siku. Sikudhani alisimama pale na ndoo yake akaona kwamba sinia likirushwa vizuri linazunguka limetulia, lakini likiponyoka vibaya mkononi linazunguka huku linayumba, ukingo unapanda na kushuka. Akajiuliza linayumba mara ngapi kwa kila mzunguko. Watu wamekula kwenye masinia yale miaka ishirini na hakuna aliyewahi kujiuliza hilo, mimi nikiwa mmojawapo.

Alikuja kuniomba rangi nyekundu ya kucha. Akaweka nukta moja ukingoni mwa sinia. Akaniomba pia simu yangu, kwa sababu inaweza kupiga video ya mwendo wa polepole, na wanafunzi hawaruhusiwi simu. Tukatoka nyuma ya maabara saa nne asubuhi, yeye anarusha juu, mimi napiga picha. Tulirusha mara thelathini na mbili. Bega lilimuuma siku mbili.

Wakati anarusha alinieleza, na alieleza vizuri hata mimi nisiye na cheti cha fizikia nikaelewa. Sinia likishatoka mkononi, alisema, hakuna tena kitu cha kulipindua. Uzito wake unalivuta chini lote kwa pamoja, haulisokoti, na upepo kwa safari fupi vile hauna nguvu ya kutosha. Kwa hiyo kiasi cha mzunguko ulicholipatia kinabaki vilevile, na mwelekeo wake angani unabaki vilevile. Ukilirusha likizunguka sawasawa kwenye mhimili wake, yaani mstari unaolipenya katikati, litatulia. Lakini vidole vikilisukuma upande kidogo wakati linatoka, mhimili wa sinia unakuwa umeinama, haulingani na ule mwelekeo usiobadilika. Hauwezi kuja kulala juu yake, maana hakuna wa kuusukuma. Kitu pekee unachoweza kufanya ni kuuzunguka. Huko kuuzunguka ndiko tunakokuona kama kuyumba.

"Kwa hiyo halijaharibika?" nilimuuliza.

"Hapana, madamu. Linatii."

Tukaingia ndani, akazitazama video, akahesabu kwa vijiti vya kiberiti mezani. Nukta nyekundu ikizunguka mara moja, sinia linayumba mara mbili. Ikizunguka mara tatu, linayumba sita. Pale alipolirusha limeinama sana idadi ilipungua kidogo, ikawa moja na nukta tisa hivi, lakini kadiri lilivyoinama kidogo ndivyo ilivyoikaribia mbili kamili. Akaenda mbali zaidi. Akamwomba fundi seremala amkatie kipande cha mti wa mchi, urefu wake mara mbili ya unene wake, akakirusha kikizunguka kama msokoto. Hicho kiliyumba polepole, mara moja kwa kila mizunguko mitatu. Akaniambia siri yote iko kwenye umbo. Kitu bapa ni kigumu kukizungusha kama gurudumu, kigumu mara mbili kuliko kukipindua kama chapati, ndiyo maana kinayumba mara mbili. Kitu kirefu kinyume chake, ni chepesi kukisokota na kigumu kukipindua, kwa hiyo kinayumba taratibu. Na kasi ya kuyumba inafuata kasi ya kuzunguka. Ukilizungusha sinia haraka mara mbili, linayumba haraka mara mbili.

Nilimwambia ameshinda. Mdomo wangu huo.

Kazi ikapelekwa kwa Mwalimu Chediel aipitishe. Akaisoma yote akiwa amesimama, na nilimwona akifurahi, mpaka alipofika kwenye jedwali. Akafungua daftari la chuo. Akapata ukurasa. Kanuni ilikuwamo kwa mwandiko wake mwenyewe wa ujana, wino wa bluu: chukua ugumu wa kuzungusha, toa ugumu wa kupindua, gawa kwa ugumu wa kupindua, zidisha kwa kasi ya mzunguko. Kwa sinia, mbili toa moja, gawa kwa moja. Jibu ni moja. Kuyumba kunalingana na kuzunguka.

Akamwambia amehesabu vibaya, akarudie. Sikudhani akarudia siku mbili, akarudi na mbili. Mwalimu akasema labda simu ndiyo yenye kasoro. Nikamwambia simu yangu ni nzima. Akaniangalia kwa namna ya mtu anayevumilia, akasema, madamu, wewe tunza chupa zako. Nilikasirika siku nzima na nilinyamaza, na hasira isiyosemwa ni sawa na moto wa makaratasi, haipiki kitu.

Mara ya tatu alimwita Sikudhani maabara, akamkalisha, na kwa sauti ya upole kabisa akamwambia maneno ambayo nayakumbuka neno kwa neno.

"Binti yangu, majaji ni watu wa chuo kikuu. Ukiwapelekea namba inayopingana na kanuni, watakucheka. Mimi sitaki uchekwe. Andika moja."

Alimaanisha. Hakuwa mtu mbaya akimtega mtoto, alikuwa anamwokoa. Sikudhani aliinama akatazama mikono yake. Nilingoja aseme hapana. Lakini huku kwetu mtoto hamwambii mkubwa kwamba amekosea, tena mwalimu, tena mwalimu aliyemfundisha Jumamosi bila kudai kitu. Akasema, "Ndiyo, mwalimu." Akafuta jedwali kwa wembe, taratibu, namba moja baada ya nyingine, akaandika moja, moja, moja. Na mahali pamoja pembeni akaandika sifuri nukta tisa, ili ionekane imepimwa. Hiyo sifuri nukta tisa ndiyo iliyoniuma kuliko zote. Kipande cha mti akakiondoa kabisa, maana nacho hakikukubaliana na daftari.

Mashindano yalifanyika katika ukumbi mmoja mjini. Nilikwenda kwa sababu ya kubeba vifaa. Shule zilipanga meza ukutani, watoto wamevaa soksi nyeupe, kila mmoja na bango lake. Walikuwapo wa Iguguno na jiko lao la mashudu ya alizeti, na wavulana wa Manyoni na pampu ya maji. Sikudhani alisimama na sinia lake, bango limeandikwa kwa mwandiko mzuri kuliko wote, na mzee wake alikuwa amekuja kutoka Mungaa na kanzu iliyopigwa pasi. Mwalimu Chediel alikaa safu ya mbele.

Jaji wa fizikia aliitwa Dakta Moses, mtu mfupi, mpole, anayesikiliza huku amefumba jicho moja. Alimsikiliza Sikudhani mpaka mwisho. Akasifu maelezo ya kwa nini sinia linayumba, akasema hajasikia mwanafunzi wa sekondari akiyaeleza vizuri hivyo. Nikamwona mzee wa Mungaa akinyoosha mgongo. Halafu Dakta Moses akalisogelea jedwali, akalisoma, akafumbua jicho lake.

Akaomba sinia. Akarudi nyuma hatua mbili, akalirusha juu kidogo huku akilizungusha, ukumbi mzima ukitazama, akaanza kuhesabu kwa sauti. Likatua mikononi mwake. Akalirusha tena, polepole zaidi, ili na sisi tuhesabu. Hata mtoto wa chekechea angeona. Nukta nyekundu ilirudi kwetu mara moja, na ukingo ulikuwa umepanda na kushuka mara mbili.

"Hizi namba ulizipima?" akauliza.

Sikudhani alimtazama Mwalimu Chediel. Mwalimu alikuwa analitazama sinia, mdomo umefunguka kidogo, kama mtu aliyeitwa jina lake katika umati na hajui limetoka wapi. Hakusimama. Sidhani kama wakati ule alikuwa bado anakumbuka kwamba kuna mtoto mbele yake.

"Nilizipima mimi," akasema Sikudhani.

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

Dakta Moses alisubiri, na ninaamini alikuwa anampa nafasi. Kisha akamwambia, kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya, kwamba kukosea ni sehemu ya sayansi, lakini mtu aliyelirusha sinia hili hata mara moja asingeweza kuandika moja. Namba hizi hazikupimwa. Zimetungwa. Na kazi yenye vipimo vya kutunga haishindanishwi. Akaandika mstari kwenye karatasi yake akaenda kwenye meza ya pampu ya maji.

Mzee wa Mungaa hakuelewa fizikia, lakini neno la kutunga alilielewa. Alitoka nje kabla ya chakula. Sikudhani alikunja bango lake mara mbili, mara nne, akalilaza juu ya sinia, akanisaidia kubeba vifaa mpaka kwenye gari. Njia nzima hakulia. Nilitamani alie.

Mtihani wa mwisho alifaulu vizuri, jina lake likatoka hata chuoni, lakini mtu wa kumsomesha hakuwapo na baba yake alikwisha kusema. Akarudi Mungaa kwenye mashine.

Mwalimu Chediel yeye alirusha sinia nyuma ya maabara peke yake, wiki tatu, wanafunzi wakadhani amerukwa na akili. Nilimwacha. Nitasema ukweli, nilifurahi kumwona anateseka. Siku moja akaniita, akachora kwa chaki sinia, na juu yake nzi.

Akaniambia kanuni haikukosea. Kanuni ile ni ya nzi. Nzi aliyekaa juu ya sinia, anayezunguka nalo, akitazama mhimili wa ule mzunguko atauona unatembea mara moja kwa kila mzunguko mmoja. Moja kwa moja, kama daftari lilivyosema. Lakini sisi hatukukaa juu ya sinia. Sisi tuko chini tunatazama. Kwetu kuna mwendo aliouona nzi, na kuna mwendo wa sinia lenyewe linalombeba nzi, na yote miwili ni ya upande mmoja, inajumlishwa. Moja na moja. Mhadhiri wao alikuwa ameandika ubaoni kwamba hiyo ni kasi kwa anayezunguka nalo, na yeye Chediel, akiwa na miaka ishirini na miwili, akiwahi chakula, hakuunakili mstari huo wa mwisho.

"Mstari mmoja, madamu," alisema. Kisha akakaa chini kwenye kigoda cha wanafunzi na kulia, mtu mzima na shati lake lililonyooshwa, na mimi nikashindwa kuendelea kufurahi.

Akaandika barua kwa waandaaji wa mashindano, kurasa nne, akakiri kila kitu kwa jina lake na sahihi yake. Jibu lilichukua miezi mitano. Lilikuwa na mistari mitatu: wanamshukuru, nafasi imekwisha kutolewa, na mwanafunzi aliulizwa mbele ya watu akakiri vipimo ni vyake. Akaandika tena. Ya pili haikujibiwa.

Basi mwezi wa sita wa mwaka uliofuata, wakati wa mavuno ya alizeti, tulikwenda Mungaa, yeye na mimi. Hakutaka kwenda peke yake. Mashine ilikuwa kwenye kibanda cha bati, magunia yamepangwa nje mpaka barabarani, na Sikudhani alikuwa ndani anamimina mbegu, amejifunga kitambaa kichwani, mikono inang'aa mafuta mpaka kwenye kiwiko. Aliizima mashine alipotuona. Akafuta mikono, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo mwalimu. Shikamoo madamu."

Tuliitikia. Akatuletea viti, akatuletea maji, akamtuma mdogo wake akamwite baba. Baba akatuma jibu kwamba yuko shambani, na shamba lilikuwa pale pale nyuma ya nyumba, tukimwona. Mwalimu akasema yote. Alieleza habari ya nzi, alieleza habari ya mstari, akatoa barua na jibu lake, akaviweka juu ya gunia. Akamwomba msamaha kwa maneno ambayo sijawahi kumsikia mwalimu akimwambia mwanafunzi wake.

Sikudhani alisikiliza mpaka mwisho. Akaokota jibu la waandaaji akalisoma, mistari mitatu haichukui muda, akalirudisha alipolitoa.

"Kwa hiyo ilikuwa mbili," alisema.

"Ilikuwa mbili."

"Nilijua, mwalimu."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekuambia mvua ilinyesha jana. Mwalimu akaanza kumweleza habari za kuomba tena, mwaka ujao, mahali pengine, ataandika barua nyingine, naye akaitikia ndiyo, ndiyo, ndiyo mwalimu, kwa sauti ile ile ya siku ya wembe. Nilijua hapo kwamba hakuna atakachoomba. Alikuwa amemwitikia tu ili mgeni asiondoke na aibu.

Watu walikuwa wanangoja na magunia yao. Tukaaga. Yeye akatusindikiza mpaka barabarani kama desturi inavyotaka, akiwa amebeba dumu dogo la mafuta yaliyokamuliwa asubuhi ile, bado ya vuguvugu. Mwalimu alitangulia kusimamisha bodaboda. Tukabaki wawili, na ndipo akaniuliza, bila kunitazama, akifuta kifuniko cha dumu kwa kona ya kitambaa chake.

"Madamu, zile video. Siku ya mashindano zilikuwa bado zipo?"

Thelathini na mbili, zote zipo mpaka leo. Zinaonyesha tarehe, zinaonyesha nukta nyekundu, na ndani yake sauti ya mtoto inahesabu moja, mbili, moja, mbili. Zingetosha. Dakika mbili mbele ya Dakta Moses zingetosha, lakini ningekuwa nimemvua nguo mwalimu wetu mbele ya ukumbi, nami niliambiwa nitunze chupa.

"Zilikuwapo," nilisema.

"Simu ulikuwa umeiacha shuleni?"

Ningeweza kusema ndiyo. Alikuwa ananipa nafasi, kama Dakta Moses alivyompa yeye.

"Nilikuwa nayo mfukoni."

Akatikisa kichwa polepole, akanikabidhi dumu kwa mikono miwili, akanitakia safari njema, akarudi kwenye mashine yake. Tulikuwa bado hatujapanda bodaboda tulipoisikia ikiwaka.